Nyufa, unyevu na sakafu inayozama: kutafuta kosa chini ya nyumba ndogo ya matofali

Mafundi, tuzungumzie nyumba zile tunazojenga kila kiangazi huku Usukuma: vyumba viwili au vitatu, kuta za tofali za kuchoma, bati juu. Malalamiko yanayorudi baada ya masika ya kwanza au ya pili ni manne, na karibu yote yanatokana na mambo matatu: msingi ulioishia kwenye udongo wa juu, maji yaliyoachwa yakae kando ya ukuta, au udongo wa mbuga uliotendewa kama udongo wa kawaida. Nitapita dalili moja baada ya nyingine. Kila dalili nitaanza na chanzo kinachotokea mara nyingi, kisha vile vya nadra.

Vifaa vya kukagulia ni vichache: mpira wa maji unaopitisha mwanga, rula, penseli, kipande cha nondo ya mm 12 chenye urefu wa mita moja, sululu na beleshi. Saruji iache stoo kwanza. Ufa ukizibwa kabla chanzo hakijajulikana utarudi palepale, na mwenye nyumba atakuwa amelipa mara mbili.

Dalili ya kwanza: ufa wa mshazari kutoka pembe ya dirisha au mlango

Kwanza tofautisha ufa wa lipu na ufa wa ukuta. Bandua lipu kidogo juu ya ufa. Ikiwa tofali na viungo vyake ni vizima, hiyo ni lipu tu iliyokauka haraka au iliyozidishiwa saruji. Ikiwa ufa unapanda kwa vipandio kufuata viungo vya tofali, au umekata tofali lenyewe, sehemu ya nyumba imeshuka.

Sasa tafuta iliyoshuka ni sehemu ipi. Chagua kozi moja ya tofali inayozunguka nyumba nzima, kwa mfano ile iliyo chini ya madirisha. Weka ncha moja ya mpira wa maji kwenye pembe iliyo nzima, nyingine uipeleke kwenye kila pembe, ukiandika kozi hiyo iko juu au chini ya maji kwa kiasi gani. Tofauti ya sentimita moja inaweza kuwa mkono wa fundi tu. Pembe moja ikiwa chini kwa sentimita mbili au tatu kuliko nyingine, na ufa uko upande huohuo, umeshapata mahali pa kuchimba.

Chimba shimo la kuchungulia nje ya pembe hiyo, upana wa sentimita 50, hadi uone chini ya zege au mawe ya msingi. Usipitilize kina hicho na usiingie chini ya msingi. Utakayoyakuta, kwa mpangilio wa yanayotokea zaidi, ni haya.

La kwanza ni msingi uliolala juu ya udongo wa juu. Udongo huo una rangi nyeusi kidogo kuliko ule wa chini yake, una mizizi na mashimo ya wadudu, na ukiuponda mkononi unafumuka. Kwa kawaida una unene wa sentimita 15 hadi 30. Mabaki ya mimea yaliyomo huoza, udongo ukajikunja chini ya uzito wa ukuta, na ukilowa hukosa nguvu kabisa. Hapa ndipo wengi hukosea wakiwa na nia njema, kwa sababu mtaro walichimba, tena kwa kipimo walichoambiwa. Tatizo ni kwamba kiwanja kina mteremko.

Chukua nyumba ya mita 8 kwa 6 iliyojengwa mtelemkoni, ardhi ikishuka sentimita 40 kutoka ukuta wa juu hadi ukuta wa chini, urefu wote wa mita 8. Fundi ameanzia pembe ya juu, akachimba sentimita 60 kama ilivyokubaliwa, kisha akaupeleka mtaro usawa kwa mpira wa maji hadi mwisho. Kazi inaonekana safi. Lakini chini kule, 60 kutoa 40 ni 20. Mtaro wa upande wa chini una kina cha sentimita 20 tu, na udongo wa juu mahali hapo una unene wa 25. Kwa hiyo ukuta wa juu umekaa kwenye udongo mgumu, na ukuta wa chini umekaa kwenye mizizi. Juu ya hayo, maji yote ya mtelemko na ya bati hukusanyikia upande uleule wa chini. Masika ikipita, pembe ya chini inashuka, na ufa unaanzia kwenye pembe ya dirisha kwa sababu hapo ndipo ukuta ulipo dhaifu.

Nyumba hiyo ingejengwaje? Kwanza udongo wote wa juu uondolewe eneo lote la nyumba na mita moja zaidi kila upande, hadi mizizi iishe. Uupeleke bustanini, usiurudishe ndani ya nyumba kama kifusi. Kisha kina kipimwe kuanzia uso wa ardhi ya mahali husika, na mtaro ushuke kwa ngazi. Katika mfano wetu chini ya mtaro inatakiwa kushuka sentimita 40, basi weka ngazi mbili za sentimita 20. Ngazi isizidi unene wa zege, na zege la juu lilale juu ya la chini kwa urefu usiopungua mara mbili ya kimo cha ngazi, yaani sentimita 40. Pima tofali zako kabla ya kukata ngazi: kimo cha ngazi kiwe sawa na kozi kamili pamoja na viungo vyake, la sivyo utalazimika kukata tofali katika ukuta mzima.

Kwenye udongo mwekundu au wa kichanga uliokaza, sentimita 60 zinatosha kwa nyumba ya ghorofa moja yenye bati. Lakini kipimo hicho ni cha kuanzia tu. Kinachoamua ni udongo wenyewe. Chini ya mtaro ingia angalau sentimita 20 hadi 30 ndani ya udongo mgumu. Gumu maana yake ni kwamba sululu inahitajika, kidole gumba kikikandamizwa kwa nguvu kinaacha alama tu, na nondo ya mm 12 ukiisukuma kwa mikono haizami. Pitisha nondo kila baada ya mita moja mtaro mzima, kwa sababu kichuguu cha zamani au shimo la taka lililofukiwa huonekana kwa nondo kabla ya kuonekana kwa macho. Mahali palipolegea chimba hadi ugumu, kisha jaza kwa zege, usijaze kwa udongo. Upana wa zege chini ya ukuta wa tofali moja, sentimita 23 hivi, uwe sentimita 50 hadi 60, unene 20, kwa ndoo moja ya saruji, tatu za mchanga na sita za kokoto.

La pili ambalo shimo litakuonyesha ni mtaro uliolowa kabla ya zege. Utaona utando wa tope laini kati ya zege na udongo mgumu. Mvua ikinyesha mtaroni, ondoa maji, kwangua tope lote hadi udongo mkavu, kwa kawaida sentimita 5 hadi 10, na umwage zege siku hiyohiyo.

La tatu ni shimo la karibu, hasa shimo lilelile tulilochimba udongo wa tofali. Linajaa maji masika yote, na udongo wa kati yake na nyumba hulainika na kuteleza kulielekea. Shimo hilo lichimbwe upande wa bondeni, mita 10 au zaidi kutoka ukutani. Likiwa limeshachimbwa karibu, lifukiwe kwa moramu kwa tabaka, kila tabaka la sentimita 15 lishindiliwe.

Matengenezo ya nyumba iliyokwisha kupasuka huanzia kwenye maji. Elekeza maji ya bati na ya mtelemko mbali na pembe iliyoshuka, kama nitakavyoeleza kwenye dalili ya tatu. Kisha chora mistari miwili ya penseli, mmoja kila upande wa ufa, pima umbali kati yake, andika tarehe ukutani, na upime tena kila mwezi kwa masika nzima. Usipoongezeka, kwangua viungo, jaza kwa udongo na saruji ya uwiano uleule uliojengea, na badilisha tofali zilizokatika. Udongo wa saruji nyingi kwenye ukuta dhaifu utahamishia ufa pembeni yake.

Simama na umwite mhandisi wa halmashauri ikiwa ufa una zaidi ya mm 15, au unaendelea kupanuka baada ya maji kuondolewa, au ukuta umeinama ukipimwa kwa timazi, au lenta imeacha kukaa sawasawa juu ya ukuta. Kuchimba chini ya msingi ili kuushusha zaidi ni kazi inayofanyika kwa vipande vya mita moja, visivyopakana, na kila kipande kinasubiri zege la mwenzake likaze. Fundi akichimba upande mzima kwa mara moja, ukuta unamwangukia. Kazi hiyo isianze bila mtu aliyeifanya kabla, na watu watoke ndani ya nyumba kwanza.

Dalili ya pili: ufa unafunguka kiangazi na kujifunga masika, au mlango unabana mvua zikianza

Hii haiponi kwa kuongeza saruji. Nyumba imekaa kwenye mbuga, udongo mweusi unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Wasukuma wanajua tangu zamani kuugawa udongo kwa majina, luseni ya kichanga juu karibu na mawe, mbuga chini bondeni, na kwa mashamba majina hayo yanaheshimiwa. Kwa nyumba yaheshimiwe vilevile. Mita mia moja za mtelemko zinaweza kubadilisha kabisa msingi unaohitajika.

Ukaguzi rahisi: kiangazi angalia kama ardhi imepasuka kwa nyufa ambazo vidole vinaingia. Kama una mashaka, fanya jaribio la chupa mbili. Twanga udongo mkavu uwe unga, uchekeche, weka kiasi kilekile katika chupa mbili zinazofanana. Moja ijaze mafuta ya taa, nyingine maji, koroga zote ziachie mapovu, kisha ziache siku nzima. Udongo hauvimbi ndani ya mafuta. Ukiona ule wa kwenye maji umezidi ule wa kwenye mafuta kwa nusu yake au zaidi, kwa mfano sentimita 6 dhidi ya 4, huo ni udongo mkali na msingi wa sentimita 60 hautauweza. Chukua udongo kutoka chini ya mtaro, siyo juu.

Chanzo cha kawaida cha ufa hapa ni msingi mfupi: kingo za nyumba zinalowa na kukauka kila mwaka, katikati hakubadiliki. Chanzo kinachofuata ni maji ya upande mmoja, mara nyingi maji ya kuogea yanayomwagwa nyuma ya bafu, ambayo huvimbisha pembe ile tu hata kiangazi. Kisha miti. Mkaratusi au mwembe karibu na ukuta unavuta maji upande mmoja na kuushusha. Kwenye udongo wa namna hii mti usipandwe karibu kuliko urefu utakaofikia ukikomaa.

Kwa nyumba iliyokwisha kujengwa lengo ni kufanya unyevu usibadilike ghafla. Peleka maji ya bafu mbali, upande wa bondeni. Jenga ukanda wa zege au wa mawe yaliyoshikwa kwa saruji kuzunguka nyumba wenye upana wa mita 1 hadi 1.5, ukiinama kwenda nje. Mti mkubwa uliokwisha kukomaa usiukate ghafla bila ushauri, kwa kuwa udongo uliokuwa unakauka kwa ajili yake utaanza kuvimba.

Kwa nyumba mpya ushauri wa kwanza ni kuisogeza ipande juu, na mwenye kiwanja aambiwe hivyo waziwazi kabla hajachoma tofali. Ikishindikana, pima unene wa mbuga kwa shimo la majaribio. Ikiishia ndani ya mita moja, shuka hadi udongo mgumu ulio chini yake. Njia nyingine ni kuuondoa eneo lote la nyumba na kurudisha moramu iliyoshindiliwa kwa tabaka. Usirudishe mchanga mtupu: unageuka bakuli linalokusanya maji juu ya mbuga iliyobaki, na uvimbaji unakuwa mbaya zaidi. Mkanda wa zege lenye nondo juu ya msingi na mwingine juu ya madirisha ni wa lazima hapa. Idadi na ukubwa wa nondo zake aziamue mhandisi.

Mbuga ikizidi mita 1.5, hiyo si kazi ya kukadiria kwa macho. Na mtaro wowote unaozidi mita 1.2 usiingiwe bila mbao za kuzuia kuta zake. Udongo huu ukikauka unasimama wima na kudanganya, kisha kipande kizima kinaachia.

Dalili ya tatu: unyevu chini ya ukuta, lipu inabanduka, unga mweupe

Angalia kwanza unyevu uko wapi. Doa la rangi ya tope, nje tu, hadi sentimita 30 au 40 kutoka chini, ni maji ya bati yanayoruka kutoka ardhini. Unyevu unaoonekana ndani pia, ukipanda hadi kiunoni na kuacha unga mweupe wa chumvi, unanyonywa na tofali kutoka ardhini. Unyevu wa upande mmoja tu, ule unaoelekea mlimani, ni maji ya mtelemko yanayogonga msingi.

Maji ya bati ni mengi kuliko watu wanavyodhani. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 9 kwa 7 lina mita 63 za mraba, kwa hiyo mvua ya mm 40 inashusha lita 2,520, nusu yake kila upande, zote katika mstari mmoja mwembamba chini ya bati. Ndiyo maana ardhi pale inachimbika mfereji na msingi unaanza kuonekana.

Dawa ya hilo ni bati litokeze nje ya ukuta sentimita 60, na chini yake pawe na ukanda wa zege au mawe wenye upana wa 80 hadi 90, ili tone lidondoke juu ya ukanda, siyo nje yake. Baada ya ukanda, ardhi ishuke sentimita 5 kwa kila mita kwa mita tatu za mwanzo. Hii ipimwe kwa uzi na mpira wa maji. Jicho linadanganyika hasa kwenye kiwanja chenye mteremko, ambapo ardhi ya upande wa juu mara nyingi inarudi nyumbani bila mtu kugundua. Ukitumia gata, mdomo wake umwage kwenye tangi au mfereji uliosakafiwa. Gata linalomwaga pembeni ya nyumba linakusanya maji ya upande mzima na kuyamimina kwenye pembe moja, jambo baya kuliko kukosa gata.

Kwa maji ya mtelemko chimba mtaro wa kukinga upande wa juu, mita 2 hadi 3 kutoka ukutani, kina cha sentimita 30 hadi 40, ukizunguka nyumba na kushuka sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Ukishuka kidogo kuliko hapo unajaa mchanga; ukishuka sana unajichimba na kuwa korongo. Panda nyasi kwenye kingo. Mwisho wake usielekee kwa jirani wala kwenye shimo la choo. Kamwe usichimbe mtaro kando ya ukuta wenye kina cha kufikia chini ya msingi.

Unyevu unaonyonywa huhitaji kuangalia kimo cha sakafu. Nyumba nyingi zilikuwa na sakafu juu ya ardhi, lakini udongo uliofagiliwa, bustani ya maua au kifusi cha ujenzi vimepandisha ardhi ya nje hadi ikaipita nailoni iliyowekwa ukutani kuzuia unyevu usipande. Kwangua ardhi hiyo hadi ibaki sentimita 15 chini ya nailoni, na ukate lipu ya nje isishuke chini yake. Wakati wa kujenga, sakafu iwe sentimita 30 juu ya ardhi, na nailoni nzito ipite unene wote wa ukuta, ikipishana sentimita 15 mahali inapoungwa. Ikiwa nyumba haikuwekewa nailoni kabisa, kupiga lipu ya saruji ngumu ndani hakuuzuii unyevu, kunausukuma upande wa juu.

Tofali likibomoka kwa vidole kwa zaidi ya robo ya unene wa ukuta, usiendelee kukwangua. Weka vishikizo vya mbao na utafute ushauri kabla ya kulitoa.

Dalili ya nne: sakafu imeshuka au inalia ikigongwa, kuta ni nzima

Hapa msingi hauna kosa. Gonga sakafu kwa kipini cha nyundo na uweke alama mahali panapolia, kisha vunja dirisha dogo la sentimita 30 katikati ya alama. Mara nyingi utaona pengo kati ya zege na kifusi, na kifusi chenyewe ni udongo wa juu uliotolewa mtaroni na kutupwa ndani kwa tabaka moja nene. Mara chache zaidi ni bomba lililopasuka au mchwa walioacha matundu.

Pale palipozama ondoa sakafu na kifusi hadi udongo mgumu. Rudisha moramu kwa tabaka za sentimita 15, yenye unyevu wa kiasi kwamba ukiifinya mkononi inashikana bila kutoa maji, na ishindilie hadi kishindilio kirudishe mlio mkavu na kuacha kuzama. Juu yake panga mawe, kisha nailoni, kisha zege la sentimita 10. Ukuta wa ndani uliojengwa juu ya sakafu bila msingi wake utashuka pamoja nayo. Ukiukuta, usiondoe sakafu chini yake kabla haujategemezwa. Ukiwa umebeba kenchi za paa, simamisha kazi hadi mhandisi auone.